Kabla hujasaini mkopo, anza na kifungu cha faini

Watu wengi wakipewa mkataba wa mkopo wanatafuta riba tu, wakiikuta wanasaini. Mimi naanza na faini, maana huko ndo pesa inapopotelea. Juzi jirani yangu wa Makorora, dereva bajaji, kaniletea mkataba nimsomee, mkopo milioni 2, miezi 6, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Sawa. Rejesho laki 4 na elfu 3 na ushee kila mwezi.

Ila kile kifungu cha kuchelewa kiliandikwa "asilimia 5 kwa wiki ya kiasi kinachodaiwa". Sasa kinachodaiwa ni kipi, rejesho ulilochelewesha au deni lote? Piga hesabu: kashalipa miezi miwili, wa tatu kachelewa wiki moja tu. Ikiwa ni ya rejesho faini ni kama elfu 20, ikiwa ni ya deni lote lililobaki, milioni 1.6, faini inakuwa elfu 80, na wiki ya pili elfu 80 nyingine. Bajaji ikilala gereji wiki mbili umeshaliwa laki na sitini. Nikamwambia rudi kwa afisa mkopo aandike kwa kalamu "ya rejesho lililochelewa tu", mweke saini wote wawili pembeni, na nakala uondoke nayo. Afisa akikwambia usijali bro sisi hatufanyi hivyo, basi aandike, si ndo hivyo hawafanyi?

Riba nayo uliza inakatwa kwenye nini. Yake ilikuwa inakatwa kwenye ile milioni 2 ya mwanzo mwezi hadi mwezi hata deni likipungua, jumla laki 4 na 20. Ingekuwa inakatwa kwenye salio linalobaki angelipa kama laki 2 na nusu, kwa asilimia ileile ya 3.5! Na angalia kama kuna mstari unasema mkopeshaji anaweza kubadili riba "kulingana na hali ya soko", ukiuona dai taarifa ya maandishi kabla na haki ya kumaliza deni mapema bila faini.

Makato ya mwanzo usiyadharau. Fomu, uchakataji, bima, kwake vilifika elfu 80, anapokea 1,920,000 huku riba inahesabiwa kwenye milioni 2 kamili.

Dhamana ilikuwa kadi ya bajaji, hapo hakuna shida sana. Shida ni mstari wa chini, "pamoja na mali nyingine zote za mkopaji". Hiyo ni friji, tivii, mpaka cherehani ya mkewe. Tukaufuta, ikabaki bajaji peke yake kwa namba yake ya usajili, tukaongeza kadi irudishwe ndani ya siku 7 baada ya rejesho la mwisho. Na kama wewe dhamana yako ni nyumba mnayoishi, mwenzako lazima aridhie kwa maandishi, sheria ya ardhi inataka hivyo, kwa hiyo afisa akikwambia mke asijue, ondoka hapo.