Mnaoandika kuhusu uanaume katika Rabbit, Run: hesabuni pesa kwanza

Nimetoka kusoma rundo la rasimu za semina kuhusu riwaya hii ya John Updike, na karibu zote zinafungua kwa wimbo ule ule: Harry Angstrom anaitoroka familia kwa sababu maisha magumu, hana uwezo wa kuilisha. Wadogo zangu, nani kawaambia? Someni haya kabla ya rasimu ya pili.

1. Tafuteni nani analipa. Riwaya ilitoka 1960. Harry, ambaye kila mtu anamwita Rabbit, ana miaka 26, anaishi Mount Judge, kimji cha kubuni huko Pennsylvania. Sekondari alikuwa nyota wa mpira wa kikapu; sasa ana mtoto wa kiume, mke mjamzito aitwaye Janice, na kazi ya kuonyesha wateja madukani jinsi kifaa cha kumenyea kiitwacho MagiPeel kinavyofanya kazi. Kazi ya kuchekesha, sawa. Lakini nionyesheni ukurasa ambao mtu analala njaa.

Nami nilipita humo humo. Niliandika sura nzima ya tasnifu juu ya "baba aliyebanwa na ukata", nikaipamba kwa nadharia hadi ikang'aa. Msimamizi wangu, mama mpole kwa namna ya kutisha, aliandika pembeni swali moja tu: gari analotorokea ni la nani? Nikarudi kitabuni kwa kiburi, nikatoka nimenywea. Ni Ford ya 1955, aliyouziwa na baba mkwe, mzee Springer mwenye yadi za magari yaliyotumika, kwa dola 1,000 mwaka 1957, kwa kuwa mzee aliona aibu mume wa binti yake kuendesha Buick ya 1936. Yaani anamkimbia binti kwa gari la baba mtu! Akiwa hayupo, kodi ya nyumba analipa Springer. Mtoto wa pili, Rebecca, anapozaliwa, Rabbit anarudi kwa mkewe na kupewa kazi yadini kwa Springer. Na katika sura yangu yote, jina la Springer halikuwemo hata mara moja.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mtu wa aina hiyo nilikuwa namjua. Nina mjomba aliyefunguliwa duka na wakwe zake. Nyumbani kwake hakikukosekana kitu, ila yeye mwenyewe alikaa kwenye kochi ukingoni, kama aliyekuja kuuliza njia. Nilimwona utoto wangu wote, nikashindwa kumtambua kwenye karatasi.

Baada ya hapo usomaji wangu ulibadilika. Shinikizo analobeba Rabbit ni la mtu ambaye nafasi yake ya kutunza imeshajazwa na mwingine. Mtazameni usiku wa kwanza na Ruth, mwanamke anayehamia kwake baada ya kutoroka: anampa dola 15 za kusaidia kodi, na papo hapo anaanza kuamuru. Anamtaka asitumie kinga, anamfuta vipodozi usoni. Pale alipotoa pesa ya mfukoni mwake, anajiona mwenye nyumba. Mimba ya Ruth inaanzia kwenye amri ile.

2. Msimulizi anatumia nafsi ya tatu na wakati uliopo, kamgandia Rabbit kama kupe. Janice akionekana mjinga, andikeni ni mjinga machoni pa nani.

3. Siku ya kifo cha Rebecca, fuateni simu. Usiku Rabbit ametaka tendo la ndoa, Janice kakataa, mume kaondoka. Janice anakunywa. Hapa msimulizi anamwacha Rabbit na kuingia kichwani mwa mke, basi msiruke. Baba yake, yaani Springer, anapiga simu: mbona Harry hajaja kazini? Janice anadanganya. Kisha mama anapiga, anakuja. Janice, amelewa, anakimbizana na uchafu wa nyumba ili mama asiuone, mtoto naye kajichafua, ndipo anafungulia maji ya bafu, na Rebecca anazama humo. Kama mwajiri angekuwa mtu baki, ingekuwa siku moja ya utoro kazini. Msiseme simu ndiyo iliyoua. Pombe imo, kuondoka kwa mume kumo. Ila wengi wenu hata hamkuitaja.

4. Linganisheni kutoka kwake kwa kwanza na kwa mwisho. Mwanzoni anatoka kwenda kuchukua gari na mtoto, na Janice anamwagiza pakiti ya sigara. Mwishoni Ruth, mjamzito, kamwambia ampe Janice talaka amwoe yeye. Rabbit anatoka kununua chakula. Mara zote mbili ametoka kwenda kuleta kitu nyumbani, na mara zote mbili hakifiki. Hapo pana sura nzima ya tasnifu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeigusa. Rasimu nazitaka Ijumaa, na Springer awemo.