Ngozi ya samaki kushika kikaangoni: kausha, pasha, kisha mwache

"Wakuu, kila nikikaanga minofu ya samaki yenye ngozi, ngozi inashika kwenye kikaango na nyama inameguka. Nimeongeza mafuta, bado. Nageuza mara kwa mara isiungue, bado. Nakosea wapi?"

Mkuu, mafuta usiyalaumu. Minofu yako inaingia kikaangoni ikiwa na maji, halafu unaigeuza kabla ngozi haijakubali kuachia. Nimekaanga samaki kama kazi kwa miaka tisa, na karibu kila ngozi niliyoona imeshika, chanzo kilikuwa kimojawapo kati ya hivyo viwili, mara nyingi vyote kwa pamoja.

Nianze na maji, maana hapo ndipo penye mzizi. Maji yakichemka hayavuki nyuzi joto 100, wakati ngozi inahitaji kufika kama 140 ndipo ianze kupata rangi ya kahawia na kukauka. Kwa hiyo muda wote ambao bado kuna maji kati ya ngozi na chuma, ngozi inachemka tu, haijaanza kukaangika. Na ngozi ya samaki ikichemka inatoa ute unaonata. Kuna gundi ambayo mafundi wa mbao wameitumia tangu zamani, inatengenezwa kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya samaki. Hicho ndicho unachokipika bila kujua: gundi, tena juu ya chuma cha moto.

Kufuta kwa tishu za jikoni mara moja hakutoshi. Mimi naanza kwa kugandamiza tishu juu ya mnofu pande zote mbili, bila kusugua, mpaka tishu mpya itoke kavu. Halafu nalaza mnofu ubaoni, ngozi juu, nachukua kisu na kukisimamisha wima, kisha naburuza makali yake taratibu juu ya ngozi kama mtu anayekwangua nta, bila kukata. Mara ya kwanza utashangaa: ngozi uliyodhani imekauka inatoa maji ya kijivu yanayojikusanya kwenye kisu, na mara nyingine vigamba viwili vitatu vilivyosahaulika wakati wa kupara. Futa kisu, rudia mara tatu au nne mpaka kitoke kisafi. Kama una saa moja ya ziada, weka minofu kwenye friji bila kuifunika, ngozi ikitazama juu. Hewa ya friji ni kavu, itamalizia kazi. Ngozi iliyo tayari haing'ai tena, na ukipitisha kidole hakitelezi, kinakwama kidogo kama kwenye karatasi.

Samaki aliyetoka kwenye friza anahitaji uvumilivu zaidi, kwa sababu barafu ilishapasua nyama yake kwa ndani, na ataendelea kutoa maji kila ukimgusa. Myeyushe kabisa kwenye friji usiku kucha, halafu mkaushe mara mbili, mara ya pili dakika chache kabla ya kukaanga.

Kuhusu chumvi, inyunyize ngozi pale tu unapotaka kuweka mnofu kwenye mafuta, au kama unataka ikolee, itie dakika 15 kabla kisha kausha upya. Katikati ya hapo ndipo pabaya: ukitia chumvi ukaenda kukatakata vitunguu, ukirudi utakuta matone yametokeza juu ya ngozi, na kazi yote ya kisu imepotea. Limau na viungo vya majimaji vipeleke upande wa nyama, au visubiri sahani.

Sasa moto. Kama kikaango chako ni cha chuma kizito, kiweke jikoni kikiwa kitupu, moto wa wastani kuelekea juu, dakika tatu hivi. Dondoshea tone moja la maji. Likitandaa na kuchemka palepale, bado. Likijikunja kuwa kigololi na kuanza kukimbia huku na huku bila kushika chuma, kiko tayari. Futa hilo tone, mimina mafuta vijiko vikubwa viwili, yatambae chini kote. Yakiwa tayari yanakuwa mepesi kama maji na yanafanya vimistari vya mawimbi ukiinamisha kikaango. Usisubiri yafuke moshi mzito. Kikaango chenye utando wa kuzuia kunata usikipashe kitupu, utando unaharibika. Tia mafuta kwanza, angalia mawimbi hayohayo. Siagi iache kabisa mwanzoni, inaungua kabla ngozi haijakauka. Ukiipenda, itie dakika ya mwisho.

Laza mnofu ngozi chini, ukianzia upande ulio karibu nawe na kuuangusha kuelekea mbele, ili mafuta yakiruka yasije kwako. Ndani ya sekunde chache utaona mnofu unajikunja, kingo zinashuka na katikati panainuka. Ni ngozi inasinyaa kwa joto. Ukiuacha hivyo, kingo zitaungua na katikati patabaki na ngozi laini iliyochemka kwa mvuke. Kwa hiyo weka mwiko bapa juu yake na ubonyeze kwa uzito wa mkono tu kwa sekunde 20 mpaka 30. Usikamue, ukiona maji yanatoka pembeni umezidisha. Baada ya hapo ngozi imeshakubali umbo, haitajikunja tena.

Hapo punguza moto uwe wa wastani. Wengi wanasahau hatua hii. Moto mkali ni wa kupokea samaki, si wa kumpika. Sikiliza sauti: mafuta yatatarike kwa sauti ndogo isiyokatika. Sauti ikizimika, moto umekuwa mdogo au maji yamejaa. Ikiwa inapasuka kwa kishindo na moshi unapanda, shusha.

Kisha toa mkono. Usichungulie kwa kuinua, usisogeze. Ngozi inashika mwanzoni, ni kawaida yake, na inaachia yenyewe ikishakauka na kupata rangi. Ukiilazimisha kabla ya hapo, inachanika, nusu inabaki kwenye chuma.

Nikueleze nilivyofanya juzi, ili upate picha ya muda. Minofu miwili, kila mmoja gramu 170 hivi, unene wa sentimita 2 na nusu mahali panene. Niliibonyeza kwa nusu dakika, nikashusha moto. Dakika ya tatu nyama pembeni ilikuwa imebadilika kutoka rangi ya kioo kuwa nyeupe, kama theluthi moja kutoka chini. Dakika ya nne nikatikisa kikaango kwa mpini: mmoja uliteleza wenyewe, wa pili ulishikilia upande wa mkia. Nikauacha. Dakika moja baadaye nikatikisa tena, nao ukateleza. Nilipofika dakika ya tano na nusu, weupe ulikuwa umepanda robo tatu ya unene, juu pamebaki ukanda mwembamba wa rangi ya kioo. Nikapitisha mwiko mwembamba, ncha ikiwa imelalia chuma na si kusukuma nyama, nikageuza. Upande wa nyama ulikaa sekunde 45 tu, nikaepua. Joto lililobaki ndani lilimalizia ule ukanda wakati minofu imetulia kwenye sahani.

Tazama huo weupe unaopanda pembeni kuliko saa, kwa sababu unene wa minofu haufanani na majiko hayafanani. Sehemu kubwa ya kupika inafanyika ngozi ikiwa chini. Ngozi inaikinga nyama na chuma, joto linapanda polepole, nyama haikauki. Kama unapima kwa kipimajoto, ushauri wa usalama wa chakula ni nyuzi 63 katikati ya mnofu, na ukimpikia mjamzito, mtoto mdogo au mzee, ufuate bila kupunguza. Bila kipimajoto, ingiza ncha ya kisu mahali panene: nyama iachane kwa tabaka na isiwe na rangi ya kioo ndani.

Umesema unageuza mara kwa mara ili isiungue. Hapo ndipo unapoivunja. Ukigeuza mara ya kwanza, upande wa nyama unaachia maji yake kwenye kikaango. Ukirudisha ngozi chini, inatua kwenye hayo maji, na ule ukavu ulioutafuta kwa dakika tano unaisha papo hapo. Zaidi ya hayo, nyama iliyoiva nusu haina tena kitu cha kushikilia tabaka zake, kwa hiyo kila mgeuzo unazimegua. Ngozi ikitaka kuungua, dawa ni kushusha moto.

Na angalia idadi. Siku moja nilikuwa na wageni, nikapanga vipande sita kwenye kikaango cha kutosha vitatu, vyote vikiwa vimetoka friji muda uleule. Sauti ilizimika mara moja, mvuke ukajaa, na nilipojaribu kugeuza hakuna ngozi hata moja iliyotoka nzima. Iliniuma sana, kwa sababu samaki alikuwa mzuri na nilikuwa nimemkausha vizuri. Baridi ya vipande sita ilishusha joto la chuma, na mvuke ulikosa pa kutokea. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kipande na kipande, na usifunike kikaango kwa vyovyote vile.

Minofu myembamba chini ya sentimita moja ina sheria yake: nyama inaiva kabla ngozi haijakauka, kwa hiyo moto ubaki juu kidogo, dakika mbili hadi tatu upande wa ngozi, na upande wa nyama uguse mafuta sekunde kumi au usiguse kabisa. Minene ya sentimita nne na kuendelea, ngozi ikishakauka, imalizie kwenye oveni.

Wakati wa kupakua, ngozi itazame juu. Mchuzi mwaga chini ya mnofu au pembeni, kwa sababu kijiko kimoja tu juu ya ngozi kinailainisha kabla hujafika mezani.