Mama, Jumapili sipo kazini: kumweleza mteja saa zako kwa heshima

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza matangazo ya mtandaoni kwa kujitegemea, ugomvi wa wikiendi hauanzi wikiendi. Unaanza siku ya kupatana bei. Mteja anauliza tangazo moja ni kiasi gani, unamtajia, mnakubaliana matangazo manane kwa mwezi, advansi inaingia kwenye simu, kazi inaanza. Kuhusu siku na saa hakuna aliyesema neno. Sasa huyu mteja ana duka la nguo Kariakoo, analifungua Jumamosi kutwa na Jumapili mpaka mchana, na siku ya mkesha wa sikukuu ndiyo siku yake ya mauzo. Kwa nini asidhani na wewe uko hivyo hivyo? Hana nia mbaya. Hajaambiwa tu.

Kwa hiyo saa zako zikae kwenye karatasi ya bei, chini ya jumla, kabla hajalipa. Mimi huandika hivi:

"Napokea maagizo na kufanya marekebisho Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, na Jumamosi hadi saa 7 mchana. Jumapili na sikukuu zinazotambuliwa na serikali sifanyi kazi. Ujumbe unaoingia nje ya muda huo nitaujibu asubuhi ya siku ya kazi inayofuata. Kazi ya haraka siku ya mapumziko inawezekana tukipatana mapema, kwa bei mara mbili."

Neno "marekebisho" liwepo. Wengi hutaja saa za kupokea kazi mpya tu, halafu mteja anawatumia Jumapili "badilisha hiyo rangi tu" na wanashindwa kusema kitu, kwa sababu hiyo si kazi mpya. Na ile sentensi ya kujibu asubuhi inayofuata ndiyo inayomtuliza mteja zaidi. Mtu anayejua atajibiwa lini hana haja ya kupiga simu mara tano.

Hiyo bei mara mbili sikuiokota hewani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hapa Tanzania, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu, na kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu ilipwe mara mbili. Lakini sheria hiyo inamlinda mwajiriwa. Wewe unayefanya kazi kwa makubaliano, unayepanga mwenyewe ufanye wapi na vipi, huna mlango huo wa kubisha. Usichokiandika kwenye makubaliano yako hakipo. Ila kipimo chenyewe unaweza kukiazima, na mteja mwenye wafanyakazi dukani hatakishangaa.

Tuchukue sasa hali inayojirudia. Jumamosi saa 3 usiku unaingia ujumbe kutoka kwa mama mwenye duka: "Mwanangu, mzigo mpya wa abaya umeingia. Nitengenezee tangazo, kesho saa 2 asubuhi liwe limetoka." Ni mteja mzuri, analipa kwa wakati, na ni mtu mzima kwako. Jibu langu lingekuwa hili:

"Shikamoo mama. Ujumbe wako nimeupata, hongera kwa mzigo mpya. Kesho Jumapili sipo kazini. Tangazo nitalianza Jumatatu saa 3 asubuhi na utalipata kabla ya saa 6 mchana. Ukinitumia picha na bei leo au kesho, nitazikuta tayari. Kwa kesho, piga picha mbili tatu za abaya uziweke kwenye Status, wateja wako wa karibu wataziona."

Angalia kisichokuwemo. Hakuna sababu. Hujasema una harusi, hujasema unasafiri, hujasema mtoto anaumwa. Sababu ukiitoa, mteja ataifanyia kazi: harusi si ni jioni, asubuhi si utakuwa huru? Tena anakusaidia kupanga ratiba yako kwa upendo kabisa. Uongo ndio mbaya zaidi. Unasema umeme umekatika, kumbe anaishi mtaa wa pili na kwake taa zinawaka, au dakika kumi baadaye anakuona umeweka picha za ufukweni. Siku hiyo hupotezi Jumapili peke yake, hata ukisema kweli Jumatano hataamini.

Pia hakuna "samahani" tatu mfululizo. Heshima imeshakaa kwenye shikamoo, kwenye hongera, na kwenye saa kamili uliyomtajia. "Nitaangalia Jumatatu" si jibu, maana Jumatatu ina saa nyingi na yeye ataanza kukuulizia alfajiri. "Kabla ya saa 6 mchana" ni ahadi anayoweza kuipangia mambo yake. Na ukishaitoa, uitimize. Mtu anayekataa Jumapili halafu Jumatatu anachelewa hana tena pa kusimamia.

Mama akirudi na "ni kidogo tu mwanangu, dakika kumi", usibishane naye kuhusu dakika. Mweleze bei: "Mama, kwa kesho naweza kuifanya kama kazi ya haraka, shilingi 60,000 badala ya 30,000, ilipwe kabla sijaanza. Au tuiache Jumatatu kwa bei ya kawaida. Chaguo ni lako." Wengi wakifika hapo huona Jumatatu si mbali. Akilipa, fanya, tena ufanye vizuri bila kununa. Ila toleo hili litoe tu kama kweli uko tayari kuamka. Kama hauko tayari, usitaje bei kabisa. Na ukiona amelipa hiyo bei mara mbili kwa Jumapili tatu zinazofuatana, ujue hiyo imeshakuwa siku ya kazi, ikae kwenye mkataba au ikome.

Kuna kitu kimoja ambacho mimi hukifanya siku yoyote na bila kulipwa, nacho ni kurekebisha kosa langu mwenyewe lililokwisha kutoka hadharani. Tangazo linasema 15,000 na nguo ni 45,000, au namba ya simu imekosewa tarakimu moja na mtu baki anapigiwa na wateja. Hiyo ni dharura, na anayesababisha ndiye anayezima. Mzigo mpya si dharura. Wazo lililomjia mteja usiku si dharura. Tofauti hiyo mwambieni mapema, na itawapunguzia mabishano mengi.

Tukija kwenye sikukuu, hapo msiwe wepesi wa kukataa kabla hamjafikiri. Mteja anayekuandikia asubuhi ya Idi au ya Krismasi hahitaji uwe kazini siku hiyo. Anahitaji salamu za duka lake zionekane siku hiyo. Hivyo ni vitu viwili, na cha pili kinaweza kumalizwa wiki moja kabla. Mwanzoni mwa kila mwezi mtumie orodha ya sikukuu zilizo mbele na siku ya mwisho ya kupokea maagizo yake. Kwa Muungano wa Aprili 26, kwa mfano, mwambie maagizo mwisho ni Aprili 19, atapata tangazo Aprili 23, marekebisho yanafungwa Aprili 24. Likishakubaliwa, lipange kwenye Meta Business Suite litoke lenyewe saa 2 asubuhi. Wewe uko kwa shangazi unakula pilau, duka lake linatoa salamu.

Idi ina mtego wake, kwa sababu inategemea mwezi kuandama na tangazo la mwandamo huja usiku. Ukiipanga salamu ya duka itoke kesho yake na mwezi usionekane, mteja wako amewatakia watu Idi wakiwa bado wamefunga, na maoni yatakayofuata hutayapenda. Kwa hiyo hiyo usiipange. Tengeneza salamu isiyo na tarehe, mtumie mteja faili lililokamilika siku tatu kabla, na mwelekeze namna ya kulitoa mwenyewe mwezi ukishatangazwa. Ni kubonyeza mara mbili. Kama kuna punguzo la siku ya Idi, andika "siku ya Idi" badala ya siku ya wiki.

Kuhusu majibu ya kujiendesha, yanasaidia lakini yana adabu yake. Kwenye WhatsApp Business ingia Business tools, kisha Away message, na kwenye ratiba chagua Outside of business hours, baada ya kuwa umejaza saa zako kwenye wasifu wa biashara. Ujumbe uwe mfupi na saa ziwe zilezile za kwenye karatasi ya bei. Ila mteja mtu mzima, mara ya kwanza anapokuandikia nje ya saa, mjibu kwa mkono wako. Mtu aliyekuita mwanangu akijibiwa na mashine anaona amefungiwa mlango. Baada ya hapo mashine inatosha. Ukipenda kufanya kazi usiku wa Jumapili ili Jumatatu iwe nyepesi, hiyo ni hiari yako, lakini faili liende Jumatatu saa 3. Barua pepe ya Gmail ina Schedule send kwa ajili hiyo. Mteja akipokea kazi Jumapili saa 5 usiku, yale maandishi yako yote kuhusu saa yamefutika.

Si kila anayekuandikia Jumapili anakuvamia. Mteja aliyeko Muscat anapumzika Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili ndiyo anaanza wiki, tena saa yake iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa moja. Na mteja wa Ujerumani hana habari na Saba Saba wala Nane Nane. Hawa wape kalenda yako ya sikukuu tangu mwanzo, na saa ziandikwe kwa tarakimu za 09:00 hadi 17:00 za Afrika Mashariki, maana "saa tatu" yako kwake ni alasiri. Na kama unapiga picha za harusi, Jumamosi na Jumapili ndiyo riziki yenyewe, basi pumzika Jumatatu na Jumanne, uziandike hizo.

Akibaki mteja mmoja ambaye amesoma, amekubali, na bado kila Jumapili anapiga simu na kukulaumu, subiri mwisho wa mwezi mliolipana. Mweleze siku ya kazi kwamba ratiba zenu hazilingani, mpe notisi ya mwezi mmoja, mkabidhi nembo yake na faili za asili zinazofunguka kwa kuhaririwa, na kama unamjua mwenzako anayefanya kazi wikiendi, mpe namba yake, baada ya kumwomba ruhusa huyo mwenzako.