Bei yako ni ya neno lipi?

"Mama, salamu kutoka Katuba, Lubumbashi. Nimetafsiri kwa miaka 6, Kifaransa na Kiswahili, hasa makaratasi ya kampuni za madini na vijiji vilivyo jirani nazo. Nimetuma barua ya kujitambulisha kwa mashirika 12 ya tafsiri ya nje, nikaeleza kwamba ninafanya nyanja zote, ninatumia programu ya tafsiri ya Trados, na bei yangu ni senti 2 za dola kwa neno. Hakuna aliyenijibu. Je, nishuke hadi senti 1?"

Hapana, ndugu yangu. Naona ni hizo senti 2 zilizoifunga barua yako kabla wasifu haujafunguliwa. Kila mara ninaletewa barua za namna hii, zilizochapwa vibandani kwa modeli ileile, na zote zinamdhania meneja wa miradi kuwa mnunuzi wa sokoni anayepita meza kwa meza akitafuta fungu la sombe la bei ya chini. Meneja hanunui hivyo. Tafsiri yako ikimfikia, kuna mtu wa pili anayelipwa kuilinganisha na matini chanzi sentensi kwa sentensi, na mashirika yanayofuata kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, yanalazimika kufanya hivyo. Mhariri huyo akilazimika kuandika upya, saa zake zinameza yote yaliyookolewa kwenye senti zako. Kwa hiyo anayeona senti 2 anashuku mara moja kwamba kazi utampa mwanafunzi kwa senti 1, nawe ubaki na nyingine.

Kosa linalonikera kuliko yote, hata hivyo, ni kwamba hukusema ni neno lipi unalolihesabu. Kiswahili hubeba mtenda, wakati, ukanushi na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja. Sentensi ya Kifaransa yenye maneno 7, inayowaambia wanakijiji kwamba kampuni haijawalipa fidia, kwetu inatimia kwa maneno 2: "Bado hatujawafidia." Si kila sentensi inayobanwa kiasi hicho, lakini tuseme faili la Kifaransa la maneno 4,000 limetoa maneno 3,000 ya Kiswahili. Kwa senti 6 kwa neno (ninaichukua bei hii kwa ajili ya hesabu tu), anayehesabu matini chanzi atadai dola 240, na anayehesabu matini lengwa atadai dola 180, ilhali jasho ni lilelile. Ukigeuza mwelekeo, ukatafsiri yale maneno 3,000 ya Kiswahili kwenda Kifaransa, utahitaji senti 8 kwa neno la chanzi ili upate dola 240 zilezile. Barua inayotaja bei moja kwa pande zote mbili inamwonyesha meneja kwamba mwandishi wake hajawahi kuipigia kazi yake hesabu.

Na hizo dola 240 nazo mara nyingi hazifiki nzima. Shirika hupitisha faili kwenye kumbukumbu yake ya tafsiri, programu ikaonyesha sentensi zipi zilikwisha kutafsiriwa na zipi zinafanana na za zamani, kisha kila kundi likapewa asilimia yake ya malipo. Tuseme katika maneno yale 4,000, maneno 1,000 ni ya sentensi zinazojirudia na yanalipwa asilimia 25, mengine 1,000 ni ya sentensi zinazofanana kwa kiasi na yanalipwa asilimia 60, na 2,000 ni mapya yanayolipwa kamili. Hapo utalipwa kama mtu aliyetafsiri maneno 250, na 600, na 2,000, yaani 2,850. Kwa senti 6 ni dola 171. Kwa senti zako 2 ni dola 57, kwa kazi ambayo mtafsiri makini anayemaliza maneno 2,000 kwa siku ataitengea siku mbili, kabla benki haijakata ada yake. Tena sentensi zinazojirudia zinasomwa zote, kwa sababu kosa la kumbukumbu ya zamani litaandikwa kwa jina lako. Punguzo hilo unaweza kulikubali au kulijadili, lakini bei yako lazima ipangwe ukijua kwamba lipo.

Kwa hiyo aya ya bei katika barua yako iwe fupi na isiache shaka. Kwa tarakimu za mfano wetu ingesomeka hivi: "Kifaransa kwenda Kiswahili, senti 6 za dola kwa neno la matini chanzi, Kiswahili kwenda Kifaransa, senti 8 kwa neno la matini chanzi, kazi iliyo chini ya maneno 300, dola 18, punguzo la sentensi zinazojirudia tutakubaliana baada ya kuona faili." Usiongeze maneno ya "bei nafuu" wala "tunaweza kuelewana", maana anayeyasoma ataanza kukushusha kabla hajakupa kazi.

Kuhusu nyanja, miaka yako 6 ya makaratasi ya madini ndiyo mali uliyoificha. Taja hati zenyewe: mihtasari ya tathmini ya athari kwa mazingira, fomu za fidia ya mashamba, makubaliano ya kampuni na vijiji chini ya Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018. Kiwango cha ISO nilichokitaja kinamkubali mtafsiri kwa njia tatu: shahada ya tafsiri, shahada ya fani nyingine pamoja na miaka 2 ya kazi kamili, au miaka 5 ya kazi kamili bila shahada hizo. Kama miaka yako 6 ilikuwa ya kazi kamili, sema wazi kwamba unaingia kwa njia ya tatu, na uwe na ushahidi mkononi. Eleza pia unaandika Kiswahili kipi. Tangazo la kubandikwa kijijini na mkataba wa wanasheria havitaki Kiswahili kimoja, na kwenye mifumo ya mashirika ya tafsiri Kiswahili cha Kongo kina alama yake, `sw-CD` au `swc`. Ukiandika "Kiswahili" peke yake, utawekwa kwenye foleni moja na watu wa Dar es Salaam na Nairobi, ambao hawajui mkulima wa pembezoni mwa Kolwezi anasemaje.

Kwenye zana, "ninatumia Trados" haitoshi. Taja toleo, na useme kama leseni ni yako. Mimi mwenyewe niliwahi kununua nakala ya wizi iliyouzwa kwenye flashi. Shirika likanitumia kifurushi cha `.sdlppx`, programu ikakataa kukifungua kwa kuwa kilitengenezwa kwa toleo jipya zaidi, na kufikia asubuhi kazi ilikuwa imepewa mtu mwingine. Sikuitwa tena. OmegaT ni programu ya bure kihalali na inasoma kumbukumbu za `TMX`. Mashirika mengi pia humpa mtafsiri nafasi ya kufanyia kazi kwenye Phrase au memoQ kwa leseni yao. Kuandika kwamba huna Trados lakini umekwisha kufanya kazi kwenye Phrase si aibu yoyote.

Mwisho, jihadharini na hawa wanaowauzia barua zilizokwisha kuandikwa, zenye nyanja 20 na orodha ya programu ambazo mnunuzi hajawahi kuzifungua. Wanajua kuchapa, hawajui kazi. Kabla ya kulipa, muulizeni muuzaji faili la `.sdlrpx` ni la nini. Ni kifurushi cha kurudishia kazi iliyokamilika. Akiwaambia ni kirusi, rudisheni pesa mfukoni.