P/E ya 4 na kiwanja kilichouzwa

Dada mmoja ameuliza: "Hisa ni shilingi 12, faida kwa hisa 3, gawio 1.50. P/E, yaani bei ukigawa kwa faida kwa hisa, ni 4. Si hiyo ni bei ya kutupa?"

Dada, kaka aliyekujibu kuwa P/E ndogo ni unafuu amepatia nusu. Fungua ripoti ya mwaka uone hiyo 3 imetoka wapi. Tuseme 1.80 ni ya kiwanja walichouza Eneo la Viwanda. Kiwanja hakiuzwi mara mbili, kwa hiyo kitoe. Inabaki 1.20, na 12 ukigawa kwa 1.20 unapata 10.

Sasa gawio. Kwa faida ya 3 linafunikwa mara 2, unalala vizuri. Kwa 1.20 ni mara 0.8 tu, yaani biashara yenyewe haikulimudu, kiwanja ndicho kilicholipa. Mimi nilinunua hisa ya namna hii, na mwaka uliofuata gawio likakatwa.

Je, 10 ni ghali? Linganisha na kampuni za sekta hiyohiyo pale Soko la Hisa la Nairobi. Mimi kwa faida isiyokua singelipa hiyo.

Na mzee uliyeuliza kuhusu gawio la sacco, hesabu yako ni tofauti, hisa zako haziuzwi sokoni.