Maji ya jirani yanaingia kwako: maswali yenu kuhusu notisi

Tangu masika ianze maswali ya maji ya jirani yamenijia mengi mno, nimechagua machache yanayofanana na ya wengine. Nimefanya kazi ya bwana afya ngazi ya kata Dar kwa miaka mingi, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona huko vibarazani na nyuma ya nyumba za watu.

Niko Kimara, kiwanja changu kiko chini ya cha jirani. Mvua ikinyesha maji yote yanashuka kwangu na ukuta umeanza kupasuka. Nikimwambia ananijibu maji hayapandi mlima. Naweza kumpa notisi?

Kwanza toka nje mvua inanyesha uangalie yanaanzia wapi, maana hapo ndipo kesi ilipo. Kama ni maji yanayofuata mteremko yenyewe, ardhi iko vilevile kama kabla hajajenga, kwa kweli huna cha kumdai, ukinunua kiwanja cha bondeni umenunua na maji yake. Ila kama ameyakusanya, yaani bati linamwaga kwenye gata, gata linashuka kwenye bomba na mdomo wa bomba umeelekea ukutani kwako, au amemwaga zege uwanja mzima na kuacha kitundu kimoja upande wako, hayo siyo maji ya mlima tena, ni yeye kayaleta. Kanuni hiyo ni ya zamani, tumeirithi toka sheria za Kiingereza, na mahakama zetu zinaifuata.

Piga hesabu kidogo, inasaidia sana mbele ya mwenyekiti. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Bati la nyumba ya mita 10 kwa 12 ni mita za mraba 120, ikinyesha milimita 50 kwa siku, na masika hiyo siyo ajabu, unapata lita 6,000. Ni matangi sita ya lita elfu moja moja yanapita kwenye mdomo mmoja wa bomba la inchi 4 na kupiga sehemu ileile ya msingi wako! Chukua video moja bila kuikata, anzia kwenye gata, shuka na bomba, malizia pale maji yanapogonga ukuta.

Halafu kagua na ukuta wako mwenyewe. Ukuta unaoshika udongo wa juu lazima uwe na matundu ya kutoa maji kwa chini, kama hauna, fundi wa jirani atasema umepasuka kwa sababu ya udongo uliolowa na atakuwa na hoja. Bora ujue mapema kuliko kuambiwa mbele ya watu.

Nyuma ya jiko langu kuna majimaji hayakauki hata kiangazi na yana harufu. Jirani anasema labda ni bomba la maji safi limepasuka. Nitajuaje kabla sijaandika barua na kuharibu ujirani?

Swali zuri, watu wengi wanakimbilia kuandika halafu inakuja kuonekana ni chemba yao wenyewe. Anza kwako basi: funga koki zote usiku, piga picha mita, asubuhi piga tena. Namba zikisogea una bomba linalovuja. Fungua na chemba zako uone kama maji yanatembea au yamesimama.

Kama kwako kuko sawa, angalia majimaji yenyewe. Maji ya kuogea na kufulia yana ukungu wa kijivu na povu linaloshika kwenye majani, na yanaongezeka asubuhi watu wakioga na siku ya kufua. Ya chooni yanaugeuza udongo mweusi, ukichokonoa na kijiti harufu ya yai bovu inapanda. Maji safi yaliyovuja hayafanyi hivyo na hayafuati ratiba ya familia ya mtu.

Nakumbuka mama mmoja aliyekuja ofisini na daftari la shule. Kila siku aliandika saa na upana wa lile dimbwi, alikuwa anapima kwa hatua za miguu. Hatua tano, hatua tano, sita, halafu Pasaka jirani na familia yake wakasafiri siku nne, daftari likawa linasema tatu, mbili, moja, pakavu. Wakarudi Jumatatu, Jumatano dimbwi likawa hatua nne. Tulipofunua shimo la jirani la kunyonya maji tulikuta limejaa matope hadi juu, maji yanatafuta njia pembeni kwenye mchanga. Lile daftari lilifanya kazi kuliko maneno yote.

Kuna pia kumwaga rangi chooni kwa jirani na kusubiri itokee kwako, ila hiyo ifanyike akiwa ameridhia na bwana afya yupo. Na mjue kwamba rangi isipotokea haimaanishi kwamba maji siyo ya kwake, udongo unaweza kuimeza rangi au kuichelewesha siku kadhaa. Ikitokea, mjadala umeisha.

Niandike nini kwenye notisi? Ni lazima wakili?

Siyo lazima, barua ya kwanza iandike mwenyewe kwa lugha mnayozungumza kila siku. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kuandika kuhusu tabia za jirani, kwamba ni jeuri, ana dharau, mke wake alijibu vibaya, kurasa mbili nzima na mahali maji yanapotokea hapajatajwa. Andika kuhusu tundu, siyo kuhusu mtu. Kama hivi:

*"Ndugu jirani, salaam. Tangu tarehe 4 Machi mwaka huu maji yenye harufu ya choo yanatokea chini ya ukuta unaotenganisha viwanja vyetu, mita 3 kutoka kona ya barabarani, usawa wa shimo lako la maji machafu. Yanaingia nyuma ya jiko langu, yamelowesha ukuta mpaka tofali la tatu na plasta imebanduka. Tarehe 20 Machi tulizungumza, ukaniahidi kuleta gari la kunyonya, mpaka leo bado. Naomba ndani ya siku 7 unyonye shimo ili maji yaache kutoka, na ndani ya siku 30 ulitengeneze au uchimbe jingine mbali na mpaka. Nipo tayari fundi wako apite kwangu kuangalia. Isipowezekana nitaipeleka taarifa hii serikali ya mtaa na kwa afisa afya wa kata. Nakala ya picha nimeambatanisha."*

Tarehe, jina, saini, namba ya simu, basi. Mnaona kuna muda wa aina mbili, ni kwa makusudi: kunyonya kunawezekana wiki hii, kuchimba shimo kunahitaji hela na fundi. Ukimpa mtu siku 3 ajenge shimo jipya, mwenyekiti atakuona wewe ndiye mkorofi. Na ile sentensi ya fundi kupita kwako usiiache, maana mara nyingi utetezi wa kwanza wa jirani ni kwamba ulimzuia asitengeneze.

Ya plasta usidai hela kwenye barua ya kwanza, itaje tu kama uharibifu na utunze risiti.

Jirani amekataa kupokea barua, kasema yeye ni mpangaji tu. Mwenye nyumba yuko Mwanza.

Mpangaji mpe nakala kwa sababu ndiye anayetumia maji na anaweza kupunguza leo leo, lakini shimo na bomba ni mali ya mwenye nyumba, kwa hiyo notisi yenyewe iwe kwa jina lake. Namba yake muombe mpangaji au mjumbe. Piga picha barua ikiwa imesainiwa, itume Watsapu, ujumbe uutunze kwenye simu na picha ya skrini uiprinti. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ujumbe wa namna hiyo unapokelewa kama ushahidi, ila usiufute kwenye simu yenyewe.

Akikataa kusaini, usigombane naye mlangoni. Nenda na mjumbe wa shina, barua isomwe au iachwe pale, halafu kwenye nakala yako mjumbe aandike "amekataa kupokea", tarehe, saa, saini yake. Hiyo inatosha kabisa.

Kwa nini nisizibe tu na simenti upande wangu nimalize?

Naelewa hasira zako lakini usianze na hilo. Maji machafu uliyoyazibia yanarudi nyuma, yanaweza kutokea chooni kwake au kuingia kwa jirani wa tatu, na siku hiyo mlalamikiwa unakuwa wewe. Maji ya mvua nayo yakisimama nyuma ya ukuta yanausukuma, nimeona ukuta wa tofali umelala chini usiku mmoja. Kwa dharura chimba kamtaro kadogo ndani ya kwako kayapitishe mbali na msingi wa nyumba, weka mifuko ya mchanga mlangoni, piga picha kabla na baada.

Siku nilizompa zimeisha, kimya. Naenda wapi?

Maji ya choo nenda kwa afisa afya wa kata, ukianzia kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa afisa afya nguvu ya kumwandikia mwenye kero notisi ya serikali aiondoe, na akikaidi anapelekwa mahakamani. Mwambie aje kuona siku ambayo maji yanatoka, maana akija pakavu atarudi na mikono mitupu.

Kama ugomvi umegeuka kuwa wa mpaka au haki ya kupitisha mtaro, hiyo ni ardhi, inaanzia baraza la kata. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza la kata halihukumu tena, linapatanisha tu, na siku 30 zikipita bila muafaka unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya. Beba nakala ya notisi yenye saini, video na daftari lako.

Jirani yangu anasubiri mvua kubwa ya usiku anatapisha choo, asubuhi uwanja wangu wote ni uchafu na watoto wanacheza hapo. Nimpe siku ngapi?

Usimpe hata moja, hapa barua ya kistaarabu haifai. Hii ni ya kupiga simu kwa mwenyekiti na bwana afya asubuhi hiyohiyo kabla mvua nyingine haijaosha ushahidi. Waonyeshe ukuta wa shimo kwa nje: kwa kawaida kuna tofali moja lililolegea au kipande cha bomba kilichozibwa na matambara, na chini yake mkondo uliochimbika kwenye udongo. Kipige picha ukiwa upande wako wa mpaka.

Kama una kisima karibu acha kunywa maji yake sasa hivi, hata yakiwa meupe, mpaka yapimwe maabara. Watoto wakae ndani, uchafu uzolewe na koleo ukiwa umevaa buti na glovu, ufukiwe mbali na kisima, halafu mwaga chokaa pale palipolowa na usiwaruhusu watoto kurudi hapo mpaka pakauke kabisa. Mtoto akianza kuharisha maji maji usisubiri kesho, mpeleke zahanati huku unampa maji ya ORS njiani.