Kaka, nafunga faili Ijumaa saa 10 jioni

Wiki iliyopita dada mmoja aliyeanza kazi ya kuajiri mwaka huu aliniandikia: "Mtu wangu amesaini kila kitu moyoni, kwenye karatasi hajasaini, na sasa hapokei simu. Nimtumie meseji ya mwisho au nimwache?" Nikacheka peke yangu, maana mtu wa kusaini moyoni namjua. Amenila ada mara nyingi.

Mtumie. Ila kwanza nikusimulie jinsi nilivyoiharibu.

Miaka michache nyuma nilikuwa na mwombaji mzuri sana, mtu wa bohari, mteja amempenda tangu usaili wa kwanza. Tukampelekea barua ya ajira kupitia mfumo wa ofisi. Kimya. Mfumo ukamkumbusha mara mbili, kimya. Nikakasirika. Nikakaa nikatunga ujumbe wa mwisho, na bado naukumbuka kwa aibu: "Inasikitisha kwamba pamoja na jitihada zote tulizofanya kwa ajili yako, umeshindwa hata kujibu. Tunafunga faili lako leo." Nikautuma kupitia mfumo uleule. Wiki tatu baadaye akanipigia, sauti ya mtu aliyevumilia vya kutosha: "Dada, nimekubali mara tatu. Hamjaona?" Alikuwa anabonyeza kitufe cha kujibu, na majibu yake yalikuwa yanaenda kwenye anwani inayoanza na `noreply`, ambako hakuna binadamu anayesoma. Nafasi ilishajazwa. Hadi leo tukikutana ananiita "dada noripulai", mbele za watu.

Kwa hiyo kabla hujamhukumu mtu, hakikisha kimya ni chake na si cha mashine yako. Ujumbe wa mwisho uandike mwenyewe, utoke kwenye anwani yako unayoifungua kila siku, na saa hiyohiyo umtumie meseji ya kawaida ya simu: "Nimekutumia barua pepe, tafadhali angalia hadi kwenye barua taka." Tumia anwani yake binafsi. Anwani ya kazini usiiguse kabisa, utamfukuzisha kazi mtu ambaye hata hajaamua kuondoka. Na acha kupiga simu saa 5 asubuhi. Saa hizo amekaa mkabala na bosi wake, unategemea apokee aseme nini?

Sasa niwape hii ya mwaka jana, ambayo najivunia, ingawa jibu lilikuwa hapana.

Mteja alitaka mhasibu awe mezani Jumatatu tarehe 1 Septemba. Kaka niliyempata alifaulu usaili, tukakubaliana mshahara, barua ya ajira ikaenda tarehe 21 Julai. Akajibu, "Nimepokea dada, asante sana, narudi kwako." Hakurudi. Nikamwandikia baada ya siku tatu, nikapiga simu mara mbili jioni. Wasapu ikawa inaonyesha tiki mbili za bluu, na mara nyingine namwona yuko hewani kabisa. Sitadanganya, iliniuma. Mteja naye alikuwa ananiuliza kila asubuhi kana kwamba nimemficha mimi.

Wengi wetu hapa ndipo tunapobuni tarehe ya mwisho kichwani: "una saa 24." Mwombaji anajua umeibuni. Tarehe inayoheshimika ina sababu, na sababu yenyewe ni mtu wa pili kwenye orodha. Nilikuwa na dada mmoja wa akiba, mzuri tu, naye ameajiriwa kwingine. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi isiyopungua siku 28 akishavuka mwezi wa kwanza kazini. Rudi nyuma siku 28 kutoka tarehe 1 Septemba, unaangukia Jumatatu tarehe 4 Agosti. Kama dada huyu hatakabidhi notisi siku hiyo, Septemba 1 imeshaota mbawa. Na hawezi kukabidhi notisi bila barua ya ajira mkononi. Kwa hiyo barua yake lazima itoke Ijumaa tarehe 1 Agosti, na kaka lazima awe amejibu kabla ya hapo. Basi tarehe ikajitokeza yenyewe.

Jumatano asubuhi, tarehe 30 Julai, nikaandika. Kichwa cha barua kilikuwa hiki: "Nafasi ya mhasibu: nafunga faili Ijumaa 1 Agosti, saa 10 jioni." Nilitaka hata asipoifungua awe ameshasoma. Ndani niliandika hivi:

"Habari za asubuhi kaka. Barua ya ajira niliyokutumia tarehe 21 Julai bado haijajibiwa. Mteja anahitaji mtu tarehe 1 Septemba, na mwenye nafasi hii atatakiwa kutoa notisi Jumatatu. Nikikosa jibu lako hadi Ijumaa saa 10 jioni nitafunga faili na barua ile haitatumika tena. Nijibu kwa neno moja tu: NDIYO, HAPANA, au MUDA. Ukisema MUDA, niambie hadi lini, nami nitamuuliza mteja. Ukisema HAPANA sitakuuliza kwa nini, na nafasi nyingine ikija nitakutafuta."

Basi. Hakuna "inasikitisha", hakuna "tumehangaika". Yale maneno tunajiandikia sisi wenyewe, yeye hayamsaidii kuamua.

Nadhani kilichofanya kazi ni lile neno HAPANA kuwekwa pale kama jibu halali. Mara nyingi anayenyamaza hakukudharau. Ameshaamua, anaona haya kukuambia, na kila siku inayopita haya inazidi. Mfungulie mlango atatoka. Yule kaka alijibu kabla sijamaliza chai: "HAPANA dada. Nisamehe sana. Niliwaambia nataka kuondoka wakaniongezea mshahara, nikashindwa nianzie wapi kukueleza." Nikamshukuru. Ijumaa nikampelekea yule dada barua, Jumatatu akakabidhi notisi, Septemba 1 alikuwa mezani.

Na ukishasema unafunga, funga. Niliwahi kumfungulia mtu aliyejibu siku mbili baada ya muda, wakati wa pili ameshapewa neno la mdomo na ameanza kuwaaga wenzake. Ilibidi nimpigie simu. Sitaki kuisimulia simu ile. Tangu hapo, saa 10 ikipita, wa pili anapigiwa saa 10 na nusu, na wa kwanza anapata mistari miwili kwamba faili limefungwa. Ninachokubali kusogeza ni msiba, ugonjwa, au kosa la upande wangu kama lile la `noreply`, na hata hapo namuuliza mteja kabla sijaahidi chochote. Kama amekwisha kusaini na mwajiri amekwisha kusaini, hapo ni jambo jingine, huo ni mkataba na hauvunjwi kwa meseji yako ya Jumatano. Peleka kwa mwanasheria wa mteja.

Nanyi mnaotafuta kazi, najua mnasoma humu. Neno HAPANA lina herufi sita. Sisi hatuli watu.

Mwezi Oktoba yule kaka mhasibu alinitafuta kwenye wasapu, saa 2 usiku. "Dada, ile nyongeza bado haijaonekana kwenye mshahara. Ile nafasi ipo?" Nikamwambia haipo, atume wasifu mpya. Aliutuma usiku uleule.